Neno la Baba Si Neno la Mwisho

Katika vikao vya wazee wa kanisa kuna kauli moja ambayo kwa miaka mingi imetuokoa na kazi ya kufikiri: "Baba ndiye kichwa cha nyumba." Mama amekuja akilia, mtoto yuko shuleni na anafanya vizuri, baba amekwisha kupokea ng'ombe. Tunasikiliza, tunatikisa vichwa, tunasoma Neno, tunaomba. Kisha mmoja wetu anaitamka kauli hiyo na kikao kinafungwa. Mama anarudi nyumbani na agizo la kunyenyekea. Baada ya mwezi, dawati la binti liko wazi.

Tunaandika haya kwa sababu tumefanya hivyo. Hatumsemi mtu wa mbali. Sisi wa Shinyanga, wa Kahama, wa vijiji vinavyoizunguka Geita ambako wanaume huhama kutoka duara moja kwenda jingine kufuata dhahabu, tumekalia kesi nyingi za namna hii kuliko tunavyopenda kukumbuka. Karibu kila mara tumejiuliza swali lisilo lake. Tumeuliza nani ana haki ya kuamua. Hatukuuliza uamuzi gani utamfaa mtoto.

Tunachotaka kusema ni hiki: wazazi wanapogongana juu ya shule, matibabu au dini ya mtoto, mahakama za nchi hii zimejifunza kuuliza swali sahihi kabla yetu sisi tunaojiita watu wa Mungu. Na badala ya kuona aibu, tumewafundisha waumini kuikimbia mahakama.

Tuanze na shule, maana hapo ndipo tulipokosea zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Shinyanga, kabla mkoa haujagawanywa, wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mkoa wetu ndio uliokuwa mbele ya mikoa yote. Tusiseme hao walikuwa watu wa nje ya kanisa. Tulikula pilau kwenye sherehe zao.

Sheria yenyewe iliwapa nafasi wale waliotaka hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, iliweka umri wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18, na wa msichana kuolewa kuwa miaka 15. Kwa ruhusa ya mahakama, hata mwenye miaka 14 aliweza kufungishwa ndoa. Kifungu cha 17 kikaongeza kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya baba yake. Ikiwa baba amekufa, ndipo idhini ya mama ihitajike. Ikiwa wote wawili wamekufa, ndipo mlezi aulizwe.

Msomaji asome tena mpangilio huo taratibu. Mama aliyembeba mtoto miezi tisa, aliyelima pamba na kuuza maandazi ili alipe michango ya shule, hakuwa na neno lolote mbele ya sheria maadamu mumewe yu hai. Baba angeweza kuwa machimboni miaka mitatu bila kutuma shilingi moja, kisha akarudi siku moja na kutoa idhini. Mama hakuwa na mahali pa kuandika kwamba amekataa. Kwa hiyo ile kauli yetu, kwamba baba ndiye kichwa, haikuwa mahubiri tu. Ilikuwa imechapwa katika sheria ya nchi.

Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative, alivipeleka vifungu hivyo viwili mbele ya Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam. Hoja yake ilieleweka kwa mtu yeyote: kama mvulana analindwa mpaka miaka 18, kwa nini dada yake asilindwe? Alisema vifungu hivyo vinavunja usawa mbele ya sheria uliowekwa na Katiba. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Ilisema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili miaka 18 iwe umri wa chini kwa wote. Katiba yetu, katika ibara ya 30, inaruhusu mahakama kutoa muda wa namna hiyo badala ya kuacha pengo la ghafla.

Serikali ilikata rufaa. Miongoni mwa yaliyotetewa ni kwamba sheria ile ilizingatia mila na dini za watu, na kwamba ililenga kumlinda msichana mwenyewe. Tunaomba tukiri kwamba hoja hizo tunazijua, maana ni zetu. Ni mara ngapi tumesema, "Afadhali aolewe kuliko aharibikiwe"? Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Ndoa haimgeuzi mtoto kuwa mtu mzima, na ulinzi unaomtoa binti darasani na kumpeleka leba kabla mwili wake haujawa tayari si ulinzi.

Hapo ndipo kifungu cha 17 kilipopoteza nguvu yake, na pamoja nacho ile ngazi iliyomweka baba juu na mama chini. Tena katika mwaka huohuo wa 2016 Bunge lilibadilisha Sheria ya Elimu. Sasa kumuoa au kumuoza mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari ni kosa la jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 30. Mzee wa kanisa anayemshauri mama "akubali tu yaishe" wakati binti bado yuko kidato cha pili, ajue kwamba anashauri jambo lenye kesi ndani yake.

Wengine watatuambia kwamba hiyo ni kesi ya ndoa, wakati nyumba nyingi hugombana juu ya mambo madogo zaidi: mtoto asome shule gani, aende kliniki au la, abatizwe au la. Ni kweli. Lakini mahakama hutumia kipimo kilekile kwa hayo yote, na kipimo hicho hakikuanza 2016. Kimo ndani ya Sheria hiyohiyo ya Ndoa, kifungu cha 125, tangu 1971, na kimerudiwa kwa nguvu zaidi katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto. Baada ya hilo, hakimu anatazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa amefika umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Mila zimo, lakini hazikai mbele. Sheria inadhani pia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama yake, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Na inamtahadharisha hakimu juu ya ubaya wa kumhamishahamisha mtoto.

Tuone jinsi kipimo hicho kinavyofanya kazi katika jambo la matibabu. Tuchukue nyumba ya mfano, ambayo kila usharika wa ukanda huu unayo mbili au tatu. Mtoto wa kiume ana miaka 8 na ana selimundu. Mikono na miguu ilimvimba akiwa mdogo, macho hugeuka manjano, na kila baada ya wiki kadhaa maumivu ya mifupa humlaza. Mama anataka aendelee na kliniki, hata ikibidi kusafiri mpaka Bugando, Mwanza. Baba, mchimbaji mdogo, amechoka na nauli. Mwaka huu anasema mtoto amerogwa na ndugu za mama, mwaka ujao anasema amempeleka kwenye maombi na ameambiwa aache vidonge ili aonyeshe imani.

Kabla ya kufika mahakamani, kuna ukweli wa kitabibu ambao peke yake ungenyamazisha nusu ya ugomvi huu. Selimundu hairithiwi kutoka upande mmoja. Mtoto huipata pale tu baba na mama, wote wawili, wanapobeba chembe yake bila wao kuugua, na katika kila mimba yao kuna nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kinaonyesha. Baba anayewatafuta wachawi ukweni ana nusu ya jibu katika damu yake mwenyewe. Na matibabu yapo: kinga dhidi ya malaria, penisilini kwa watoto wadogo, foliki asidi, maji ya kutosha, na dawa ya haidroksiyurea ambayo hupunguza vipindi vya maumivu. Mtoto anayekosa kliniki anaweza kufa kwa homa ambayo jirani yake angepona kwa siku tatu, au akapata kiharusi kabla ya kumaliza darasa la tano.

Sasa mama afanye nini? Wengi wetu tungempeleka kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baadhi ya mabaraza hayo yako chini ya makanisa yetu. Hapa ndipo tunapowapotezea watu muda. Baraza ni la kupatanisha wanandoa. Likishindwa, hutoa hati ambayo mtu huihitaji ili afungue shauri la talaka. Baraza haliwezi kuamuru mtoto apewe dawa. Na mama huyu haombi talaka. Sheria ya Mtoto inamruhusu mzazi kuomba amri ya kukaa na mtoto bila kuvunja ndoa yake, na mtoto mwenye homa hawezi kusubiri tukutane mara ya nne.

Mlango wa kwanza ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mtendaji wa kijiji au wa kata anaweza kumwelekeza mama huko. Afisa huyo anaweza kuwaita wazazi wote wawili, na mara nyingi baba husikia kwa afisa kile alichokataa kusikia kwa mkewe. Asiposikia, ombi hupelekwa kwenye Mahakama ya Watoto, inayoendeshwa na hakimu mkazi. Kikao chake si cha hadhara. Wapita njia hawaruhusiwi kuketi na kusikiliza, kwa hiyo ile hofu yetu ya "kuanika mambo ya nyumbani" haina msingi mkubwa. Afisa ustawi wa jamii huandaa taarifa: ametembelea nyumba, ameongea na mwalimu, ameona mtoto analala wapi na anakula nini.

Hakimu hatauliza nani ni kichwa. Ataomba kadi ya kliniki na kuona tarehe ambazo mtoto alihudhuria na ambazo hakuhudhuria, na wakati zile nafasi zilipobaki wazi alikuwa mikononi mwa nani. Atatazama daftari la mahudhurio shuleni. Anaweza kumsikiliza mtoto mwenyewe. Kisha kipo kifungu ambacho tungependa kila mchungaji akijue. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto matibabu kwa sababu ya imani ya dini au imani nyingine. Hakisemi "isipokuwa baba". Hakisemi "isipokuwa mtumishi wa Mungu". Baba akisimama na kusema ameacha vidonge kwa imani, hajajitetea. Amekiri.

Amri inayoweza kutoka ni ya kawaida sana: mtoto akae na mama, baba amtembelee siku zilizotajwa, wote wahakikishe anahudhuria kliniki, na baba atoe matunzo ya kiasi kilichopangwa. Hali ikibadilika, yeyote kati yao anaweza kurudi kuomba amri ibadilishwe. Baba hapotezi ubaba wake. Kilichoondolewa mikononi mwake ni uwezo wa kuuamua uhai wa mtoto peke yake.

Na sisi tunaowaombea wagonjwa tuseme wazi, maana lawama hapa ni yetu: maombi hayajawahi kuhitaji kwamba vidonge vitupwe. Anayemwambia mzazi atupe dawa za mtoto hampimi mzazi imani. Anacheza na uhai wa mtoto ambaye hakuulizwa. Ikiwa mtu mzima anataka kuhatarisha mwili wake kwa yale anayoyaamini, ni mtu mzima. Mtoto wa miaka 8 hajafika huko.

Linakuja la tatu, dini, ambalo ndilo litakalowachoma wengi. Ukanda wetu umechanganyika. Machimbo yameleta watu kutoka kila upande, na ndoa za mchanganyiko ni nyingi: Mkristo na Mwislamu, Mkatoliki na mlokole, mwana wa kanisa na mtu anayeshika mambo ya mizimu ya Kisukuma. Nyumba inapovunjika, mzazi aliye wetu huja kutuomba tumsaidie "kumwokoa mtoto". Tumewahi kufurahia mtoto aliyeletwa usiku kutoka kwa mzazi mwenzake ili abatizwe asubuhi.

Mahakama haichagui dini iliyo ya kweli. Haiwezi, na tumshukuru Mungu haiwezi, maana siku moja hakimu atakuwa si wa dini yetu. Kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa kinairuhusu kuweka masharti juu ya mahali mtoto atakapokaa, elimu yake, na hata dini atakayolelewa. Lakini masharti hayo yanapimwa kwa ustawi wa mtoto: anaishi na nani kila siku, amezoea nini, na jambo linalobishaniwa linamfanyia nini.

Mfano mmoja kutoka mbali unaeleza vizuri. Mwaka 1999 mahakama za Uingereza ziliamua shauri la mtoto wa miaka 5. Baba alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Uturuki, mama Mwingereza wa Kikristo, wala hakuna kati yao aliyeshika dini sana. Walikuwa wametengana na mtoto aliishi na mama. Baba aliomba mtoto atahiriwe kwa mujibu wa dini yake. Mahakama haikusema tohara ni mbaya. Familia nyingi hutahiri na hakuna anayezishitaki. Ilisema kwamba upasuaji huo haurudishwi nyuma, kwamba mtoto huyu angekulia kwa mama katika maisha yasiyo ya namna hiyo, na kwamba pale wazazi wanapopingana juu ya jambo lisiloweza kufutwa, mmoja hawezi kulifanya peke yake bila idhini ya mahakama. Ombi likakataliwa.

Hukumu hiyo haitufungi sisi hapa, lakini fikra yake ingeponya nyumba nyingi. Yapo mambo yanayoweza kurudi: mtoto akienda kanisani na mama Jumapili na msikitini na baba siku ya ziara, hajavunjika. Yapo yasiyorudi: mwili uliokatwa, mimba ya miaka 15, kiharusi, miaka minne ya shule iliyopotea. Hekima ni kutofanya lisilorudi wakati wazazi bado hawajapatana. Na kuhusu ubatizo wa usiku, tuseme kwamba imani iliyopandwa kwa kumnyang'anya mtoto mama yake, au baba yake, mtoto atakuja kuikumbuka kwa namna hiyo. Tena Sheria ya Mtoto inakataza kumchukua mtoto kinyume cha sheria kutoka kwa mtu mwenye haki ya kukaa naye, na mzazi anayefanya hivyo hujidhuru mbele ya hakimu, aliyekwisha kuonywa na sheria juu ya kumhamishahamisha mtoto.

Tunajua jibu linaloandaliwa. Tutaambiwa kwamba mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kupelekana mahakamani. Aliwakemea, ndiyo. Lakini aliwakemea watu wazima waliokuwa wakidaiana na kudhulumiana wao kwa wao, na akawataka wawe tayari kudhulumiwa kuliko kushitakiana. Mtu anaweza kukubali kudhulumiwa yeye mwenyewe. Huo unaweza kuwa utakatifu. Hawezi kukubali mtoto adhulumiwe kwa niaba yake, kisha akauita huo uvumilivu wa Kikristo. Na Biblia hiyohiyo inamsifu Sulemani kwa kesi ipi? Kwa wanawake wawili waliogombea mtoto, walioileta kesi yao mbele ya mfalme. Hatukuwahi kusikia mahubiri yanayowalaumu kwa kwenda hukumuni. Sulemani hakuuliza nani ana sauti kubwa. Alitafuta nani yuko tayari kushindwa ili mtoto aishi. Huo ndio ustawi wa mtoto, kabla neno hilo halijaandikwa kwenye sheria yoyote.

Wala hatusemi kwamba mahakama ni mbingu. Maafisa ustawi wa jamii ni wachache na kata ni kubwa. Tarehe za kesi husogezwa. Amri ya matunzo ni karatasi tu mbele ya baba anayehama: leo yuko Rwamgasa, dhahabu ikiibuka kwingine kesho hayupo, na simu haipatikani. Hata ile hukumu ya Gyumi ilikutana na uzito wa binadamu. Miaka mitano baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufani, Bunge lilikuwa bado halijaandika upya vile vifungu viwili. Mahakama inaweza kumzuia mtu, lakini haiwezi kumfanya ampende mwanawe.

Lakini tazameni mapengo hayo yalipo. Karibu yote ni mahali ambapo usharika unaweza kusimama. Sisi ndio tunaojua baba amehamia duara gani, kwa sababu shemeji yake anaimba kwaya. Sisi ndio tunaoweza kumsindikiza mama kwa afisa ustawi wa jamii na kuketi naye kwenye benchi. Mwalimu wa Jumapili ndiye wa kwanza kuona kwamba binti haji tena na kwamba nyumbani kwao kumeongezeka ng'ombe. Nauli ya kwenda kliniki ya selimundu ni ndogo kuliko sadaka tunayokusanya kwa kununua kipaza sauti. Sheria nayo inamtaka hakimu, inapowezekana, asikilize ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa malezi ya watoto. Mama mmoja wa usharika aliyefundisha darasa la awali miaka 20 anaweza kusema yanayofaa kuliko sisi wazee watano tuliovaa tai.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili yabadilike katika vikao vyetu, wala hatuombi kwa upole. La kwanza: wazazi wanapofika na mgogoro juu ya mtoto, pasitamkwe neno kichwa mpaka mtu mmoja ameeleza mtoto ana umri gani, yuko darasa gani, afya yake ikoje na yeye mwenyewe anasema nini. Asiyejua hayo hana haki ya kushauri. La pili: pale ambapo kuna ndoa ya mwanafunzi, dawa iliyosimamishwa au mtoto aliyechukuliwa kwa nguvu, kikao kisipange siku nyingine ya maombi kabla mtu hajatumwa kwa afisa ustawi wa jamii. Tuombe njiani tukiwa tunakwenda.

Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia. Tumekuwa tukisimama pembeni ya uwanja tukijadili ni fahali yupi mwenye haki ya uwanja. Wakati huo binti ambaye jina lake tulilisoma kwenye orodha ya kipaimara mwaka uliopita anasubiri nje ya mlango wa ofisi, na mama yake anatoka akifuta macho. Anamwuliza mama yake, "Wamesemaje?" Tumekwisha kumpa jibu hilo mara nyingi mno. Safari hii tumpe jingine.